Figo zimechoka, kichefuchefu hakiishi na mdomo una ladha ya chuma: jinsi ya kurudisha chakula hatua kwa hatua

Huu mwongozo ni wa mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo uliofika mbali, ambae bado hajaanza dayalisisi, na sikuhizi akiamka tu tumbo linapanda juu, nyama hataki hata kuisikia harufu, alafu mdomoni kuna ladha kama amelamba sarafu. Ni wa yeye na wa yule anaempikia, maana mara nyingi anaepika ndo anaumia zaidi akiona sahani inarudi vile vile ilivyoenda.

Kwanza tuelewane hii ladha inatoka wapi, maana ukishajua hapo hatua zote zinazofata zitakuwa na maana. Protini ikishatumika mwilini inabaki taka inaitwa yurea, kazi ya figo ni kuitoa kwenye mkojo. Figo zikishindwa inajaa kwenye damu na inapita hadi kwenye mate. Sasa mdomoni kuna bakteria, wale wanaivunja yurea inakuwa amonia, na hio amonia ndo ile ladha ya ajabu na ile harufu ya mkojo mkojo kwenye pumzi. Usiku mate yanapungua sana, kwaiyo inakusanyika mdomoni bila kusafishwa, ndo maana asubuhi ni mbaya kuliko mda mwingine wowote. Hizo taka taka za kwenye damu (yurea sio peke yake, ziko nyingi) ndo zinaleta kichefuchefu na kuua hamu ya kula.

Hapa sasa ndo watu wengi wanapotelea. Wanaambiwa "punguza protini", wanaacha nyama, alafu kwa sababu hamu haipo wanaacha na vingine, mwisho wa siku mtu anaishi kwa chai na vipande viwili vya mkate. Anadhani anazipumzisha figo. Kumbe mwili ukikosa nguvu ya kutosha unaanza kula misuli yake wenyewe, na misuli ni protini, na ikivunjwa inatoa yurea ile ile uliyokuwa unaikimbia. Yaani unajinyima chakula, yurea haishuki, na kichefuchefu kinazidi, unazidi kutokula. Kwaiyo kila nitakachosema hapa chini kinarudi kwenye hilo moja: protini inapunguzwa kwa kipimo, chakula chenyewe hakipunguzwi.

Hatua ya 1: usianze na jiko, anza na dawa na vipimo

Sio kila kichefuchefu cha mgonjwa wa figo kinatoka kwenye figo. Chukua dawa zako zote ziweke mezani, na zile za kununua mwenyewe na za mitishamba pia, uziandike kwenye karatasi uende nazo kwa daktari. Vidonge vya madini ya chuma vinachafua tumbo vibaya sana hasa vikimezwa tumbo likiwa tupu. Metformini ya kisukari inaleta ladha ya chuma na kichefuchefu, na figo zikishuka sana, yaani eGFR, ile namba inayoonyesha figo zinafanya kazi kiasi gani, ikiwa chini ya 30, haitakiwi kabisa kutumika. Metronidazo nayo, ile ya kutibu tumbo na meno, ladha yake ya chuma inajulikana. Uliza kila moja inaweza kubadilishwa, kupunguzwa au kuhamishiwa mda mwingine wa siku. Kuuliza, sio kuacha mwenyewe, kuna dawa ukizikata ghafla unajiumiza.

Vipimo vya damu vya kuulizia ni yurea, kreatinini, potasiamu, bikaboneti, kalsiamu na himoglobini. Bikaboneti watu wanaisahau. Ikiwa chini ya 22 maana yake damu imeanza kuwa na asidi nyingi, na asidi hio inaua hamu ya kula na inavunja misuli, tena inatibika kwa vidonge anavyotoa daktari. Kalsiamu ikipanda sana kwa sababu ya vidonge vya kalsiamu au vitamini D nayo inaleta kichefuchefu na kufunga choo.

Na choo chenyewe usione aibu kukitaja. Mtu ambae hajapata choo siku tatu nne atasikia kichefuchefu hata figo zikiwa nzima. Kama una kisukari cha mda mrefu alafu unashiba kwa matonge mawili tu, au unatapika chakula ulichokula masaa mengi nyuma kikiwa bado hakijasagika, mwambie daktari hivo hivo kwa maneno hayo, maana hapo tatizo linaweza kuwa tumbo linachelewa kusukuma chakula na hilo lina matibabu yake.

Hatua ya 2: safisha mdomo kabla ya kuweka chakula

Hii inafanyika kabla ya kila mlo, sio asubuhi na usiku tu. Piga mswaki laini meno na ulimi, ulimi hasa kule nyuma kadri unavyoweza bila kujitapisha. Alafu chukua glasi ya maji ya uvuguvugu, weka nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, ile soda ya kuumulia keki (sio bekingi pauda, sio hamira), koroga, sukutua, tema. Rudia mara mbili tatu. Inapunguza ile ladha mbaya na ule utando mdomoni, chakula kikifika ulimi unakuwa umetulia.

Tema yote tafadhali. Kuna watu wakiona imewasaidia wanaanza kuinywa, na soda hio imejaa sodiamu, ukiinywa kiholela miguu inavimba na presha inapanda. Vile vidonge vya bikaboneti vinapimwa na daktari kwa damu yako, sio kwa kijiko cha jikoni.

Badilisha na vyombo. Tumia kijiko cha mbao au cha plastiki na kikombe cha udongo au glasi, acha vya chuma kwa mda. Inaonekana kitu kidogo lakini kwa mtu ambae mdomo wake tayari una chuma, kijiko cha bati kinaongeza.

Hatua ya 3: asubuhi usikimbilie chai

Usiku weka pembeni ya kitanda kipande cha mkate kilichookwa kikakauka, au biskuti kavu zisizo na chumvi nyingi. Ukiamka, kabla hujasimama, kaa kitako utafune taratibu. Kavu, bila kinywaji. Subiri kama robo saa ndo uinuke, upige mswaki (mswaki kabla ya kitu tumboni unawatapisha wengi), alafu nusu saa baadae ndo ule mlo wenyewe.

Vinywaji viwe katikati ya milo, sio pamoja na mlo. Tumbo likijaa maji hakuna nafasi ya chakula na kichefuchefu kinarudi. Kama daktari amekupangia kiasi cha maji kwa siku, kile kile kigawe kwa mikupuo midogo, usiongeze. Ukishakula usilale, kaa wima saa nzima hivi.

Na harufu. Chakula cha moto kinatoa harufu nyingi kuliko kilichopoa, kwaiyo mgonjwa asikae karibu na jiko wakati wa kupika na aletewe chakula kikiwa na joto la kawaida au cha baridi kabisa. Kuku aliyepoa na kuchanwa vipande vidogo anakulika pale ambapo kuku huyo huyo akitoka kwenye sufuria anafukuza mtu mezani. Kilichopoa hapa namaanisha kimewekwa kwenye friji vizuri, sio kimeshinda mezani, maana kinga ya mgonjwa wa figo sio imara na sumu ya chakula itamlaza.

Hatua ya 4: nguvu kwanza

Mtu mzima kwenye hali hii anahitaji kati ya kalori 25 na 35 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mtu asie na hamu, kuzifikisha kwa kujaza sahani haiwezekani, sahani kubwa yenyewe inamtisha. Kwaiyo gawa siku kwenye milo midogo mitano au sita, alafu ndani ya kila mlo mdogo ongeza mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ya mimea (alizeti, zeituni na kadhalika) kina kalori kama 120, hakina protini wala potasiamu, na kikichanganywa kwenye wali au mboga karibu hakionekani. Ila usikaange chakula kikawa kinaogelea, mafuta mengi kwa mkupuo yanachelewesha tumbo. Kijiko hapa, kijiko pale.

Asali, jamu na sukari nazo zinaongeza nguvu bila protini kwa asie na kisukari. Mwenye kisukari abaki kwenye mafuta zaidi, na kuna jambo lazima alijue: figo zikichoka insulini inakaa mda mrefu mwilini, na ukiongeza na kutokula vizuri sukari inaweza kushuka ghafla hadi ukazimia. Hamu ya kula ikipungua, piga simu kuhusu dozi ya insulini au vidonge siku hio hio, usisubiri kliniki, na pima sukari mara nyingi kuliko kawaida.

Hatua ya 5: protini kwa kipimo, na ubadilishe aina

Kwa ambae hajaanza dayalisisi na hana kisukari, kiwango kinachopendekezwa ni kama gramu 0.55 hadi 0.6 za protini kwa kilo kwa siku, mwenye kisukari 0.6 hadi 0.8. Hii ipangwe na daktari au mtu wa lishe anaejua figo, maana ukishuka chini ya hapo bila usimamizi unakondesha mtu. Kuhesabu sio kugumu: yai moja lina gramu 6 hivi, nyama au kuku au samaki aliyepikwa kipande cha gramu 30 (vidole viwili kwa ukubwa) gramu 7, kikombe cha wali gramu 4, kipande cha mkate kama gramu 2 na nusu.

Nyama nyekundu ndo ya kwanza kukataliwa na ulimi, inaleta ule uchuma zaidi. Usilazimishe. Mayai, kuku na samaki mweupe wanapokelewa vizuri. Nyama yoyote iloweke saa moja mbili kwenye ndimu au siki na kitunguu saumu kabla ya kuipika, uchachu unafunika uchuma na unaita mate, na mate yenyewe yanasaidia kuosha mdomo. Tangawizi kidogo, pilipili manga, majani ya kunukia, vyote ruksa kwa kiasi cha kupikia.

Chumvi ndo mtego. Ulimi ukiwa umekufa mtu anaongeza chumvi ili asikie kitu, kinachofata ni kiu na kuvimba. Na ile chumvi mbadala inayouzwa kama ya wenye presha, nyingi imetengenezwa kwa potasiamu, kwa figo hizi inaweza kusimamisha moyo, usiiguse. Kama ulishaambiwa potasiamu yako iko juu, mboga na viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, ndo viungwe.

Tuone kwa mfano

Tuseme mama wa kilo 60, eGFR 12, hana kisukari, potasiamu iko sawa. Asubuhi anakunywa chai tu, mchana anaonja, usiku familia inamsihi anakula nyama kipande kikubwa na wali kwa kujilazimisha, saa nane za usiku anatapika. Ukihesabu, protini yake yote imeingia kwa mkupuo mmoja usiku tena anaipoteza kwa kutapika, na kalori hazifiki hata nusu ya anazohitaji.

Kwa uzito wake protini ni kama gramu 36 na kalori karibu 1,800. Siku yake tunaipanga hivi. Akiamka, kipande cha mkate mkavu kitandani. Anasafisha mdomo, nusu saa baadae anakula yai moja lililokaangwa kwa kijiko kikubwa cha mafuta na vipande viwili vya mkate wenye jamu, na hapo yai lipoe. Saa nne tufaha moja, amenye na kulikata likiwa limetoka kwenye friji. Mchana kikombe cha wali, mboga zilizoungwa kwa kijiko cha mafuta, na kuku vidole viwili aliyelowekwa kwenye ndimu, amechanwa, amepoa. Saa kumi chai yake sasa, glasi ndogo, alafu baadae kidogo mkate kipande kimoja na asali. Jioni mapema, saa kumi na mbili hivi, wali kikombe kimoja na nusu na mboga na vijiko viwili vya mafuta, bila nyama kabisa.

Jumla inakuja gramu 36, 37 za protini na kalori 1,700 na kitu. Nyama usiku haipo, na hicho ndo kilichobadilika zaidi, protini nyingi imemalizika kabla ya jioni wakati tumbo lina nguvu na mtu hajalala. Chumvi ni kidogo ndani ya chakula, hakuna kopo mezani. Akishindwa mlo mmoja asijaribu kuufidia unaofata kwa kurundika, aendelee tu na ratiba, na mafuta ya mlo uliokosekana yaingie kidogo kidogo kwenye miwili inayokuja.

Mdomo unaanza kuwa na nafuu ndani ya siku chache tu za kusukutua, ila kichefuchefu kinachotokana na yurea kinachukua wiki kadhaa, kwaiyo usiache siku ya tatu.

Jinsi ya kujua kama inafanya kazi

Mzani peke yake unadanganya. Mtu wa figo anaweza kupoteza nyama huku maji yanajaa, mzani unasoma kilo zile zile kumbe anakwisha. Angalia sehemu ambazo maji hayakai: mashimo pembeni ya macho juu ya mashavu, mifupa ya mabega na kola, unene wa mkono wa juu (pima kwa futi ya fundi nguo, sehemu ile ile, kila baada ya wiki mbili). Nguvu ya kushika nayo inasema, kama juzi alifungua chupa mwenyewe na leo hawezi, mwambie daktari.

Kwenye damu, yurea ikishuka huku mkono haujapungua unene, mpango unafanya kazi. Ila yurea ikishuka na mtu anakonda, hapo hajapona, ni kwamba tu hali chakula.

Pale ambapo chakula hakitoshi tena

Kuna kiwango figo zikifika hakuna mlo wala ndimu itakayotosha. Nenda hospitali bila kusubiri kama anatapika kila kitu siku nzima, amechanganyikiwa au analala kupita kawaida, mikono inapepea akiinyoosha, kwikwi haikatiki, kifua kinauma, anahema, misuli imelegea ghafla, moyo unaenda ovyo, mkojo umepungua sana, au anatapika damu. Na siku yoyote akitapika sana au kuharisha huku anameza dawa za presha, za kukojoza maji au za kisukari, piga simu uulize zipi zisimame kwa mda, maana mwili ukikauka baadhi ya dawa hizo zinazimaliza figo zilizobaki. Asipewe dawa ya kuzuia kutapika iliyobaki nyumbani kwa mtu mwingine, kuna ambazo dozi yake lazima ipunguzwe kwa figo mbovu. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu nazo zisitumike bila kuuliza.

Kama umefata haya yote kwa wiki kadhaa, dawa zimeangaliwa, bikaboneti imerekebishwa, choo kiko sawa, na bado anakonda na kichefuchefu kipo kila siku, hilo lenyewe ni moja ya sababu madaktari wanazotumia kuamua kuanza dayalisisi. Hata kama namba ya eGFR haijashuka tena. Usimfiche daktari kwa kuogopa mashine, mweleze amekula nini wiki nzima, ukiweza mpelekee daftari limeandikwa kila mlo na saa aliyotapika.

Na akishaanza dayalisisi, ile hesabu ya protini inageuka. Mashine inatoa taka lakini inaondoka na protini pia, kwaiyo sasa anatakiwa gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, yaani mama yetu wa kilo 60 anatoka kwenye gramu 36 anaenda 60 hadi 72. Wengi hawaambiwi wakaelewa, wanaendelea kumnyima nyama kwa miezi huku anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Siku ya kwanza kabisa ya dayalisisi muulize mtu wa lishe akuandikie kiwango kipya, na ile ratiba ya juu ibadilishwe hapo hapo: yai liwe mawili, kuku wa mchana aongezwe mara mbili, na jioni samaki arudi mezani.